Mafia mezani: maswali ya mgeni kuhusu kuzuga, kupiga kura na kumbaini muongo

Michezo ya watu wenye nafasi za siri ni mingi, lakini karibu yote imechipuka kwenye Mafia, mchezo uliobuniwa na Dmitry Davidoff miaka ya 1980 alipokuwa kwenye idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliugeuza kuwa hadithi ya kijiji chenye mbwamwitu, na kwa sura hiyo ukaenea zaidi. Hapa tutabaki na Mafia yenyewe, kwa kuwa inataka karata za kawaida tu. Ukiuelewa huu, mingine utaikuta na sheria ngeni lakini fikra zilezile.

Unachezwaje?

Tuseme mko tisa, na wa kumi ni mwendeshaji asiyecheza. Mwendeshaji anagawa karata tisa kifudifudi: shupaza mbili ni mafia, ree ya kopa ni polisi, uru moja ni daktari, na kopa tano za namba ni raia wa kawaida. Kila mtu anaangalia yake na kuificha.

Usiku wote mnafumba macho. Mafia wanaamshwa, wanatazamana, wanamwonyeshea kidole mtu wa kuuawa. Polisi anaamshwa peke yake, anaonyesha mtu mmoja, na mwendeshaji anamjibu kwa kichwa kama mtu huyo ni mafia au siye. Daktari naye anachagua wa kumlinda. Akimpata yule aliyelengwa, hafi mtu. Asubuhi mwendeshaji anatangaza aliyekufa na karata yake inafunuliwa. Kisha mnajadiliana na kupiga kura. Anayepata zaidi ya nusu ya kura za walio hai anatolewa, na karata yake inafunuliwa pia. Usiku unarudi.

Raia wanashinda mafia wote wakitoka. Mafia wanashinda pale idadi yao inapolingana na ya waliobaki, kwa sababu tangu hapo hakuna kura inayoweza kuwatoa.

Kuna meza zisizofunua karata za waliokufa. Kwa wageni nashauri mzifunue, la sivyo mnabaki kupapasa gizani hadi mwisho.

Mafia ni wawili na sisi ni saba. Mbona wanashinda mara nyingi hivyo?

Kwa sababu wao wawili wanajua kila kitu kinachohitajika na nyinyi saba hamjui chochote. Mafia anajua mwenzake ni nani, hivyo anajua pia kwamba wengine wote ni raia. Nyinyi mna wingi wa kura bila habari. Mchezo mzima ni mbio kati ya vitu hivyo viwili: je, mtapata habari ya kutosha kabla wingi wenu haujaisha?

Tunaruhusiwa kukosea mara ngapi?

Hili ni swali ambalo mgeni halijui, na mzoefu analihesabu kila asubuhi.

Mko tisa, usiku wa kwanza anakufa mmoja. Mnaamka wanane, mafia wawili ndani. Mkimtoa raia mnabaki saba, usiku sita. Mkimtoa raia mwingine mnabaki watano, usiku wanne: mafia wawili, raia wawili, kwisha. Maana yake mna kosa moja tu la bure. La pili linawazika.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walihesabu wenyewe. Mkiwa wanane mkaamua kutomtoa mtu, usiku mnabaki saba. Mkikosea mnakuwa sita, usiku watano, mkikosea tena mnakuwa wanne na mmeshindwa. Bado ni makosa mawili yaleyale, ila sasa mlipiga kura mkiwa saba na watano badala ya wanane na sita. Kwa kubahatisha tu, kumpata mafia kati ya saba ni rahisi kidogo kuliko kati ya wanane. Kwa hiyo mkiwa idadi shufwa na hamna fununu yoyote, kuacha kupiga kura kuna faida ndogo kwa upande wa hesabu.

Lakini hesabu hiyo haioni kitu kimoja: kura zenyewe ni habari. Siku isiyo na kura haiachi alama yoyote ya kusoma kesho, na usiku huo mafia ndio wanaochagua nani apungue. Mimi siku ya kwanza hupendelea kura ipigwe hata kama ni ya kubahatisha. Siku za mwisho, mkiwa wanne na mafia amebaki mmoja, ndipo hesabu ya kuacha inapostahili kufikiriwa kwa uzito, na hata hapo si kila mara, kama tutakavyoona mbele.

Asubuhi ya kwanza hakuna anayejua kitu. Nianzie wapi?

Usianze kwa kutafuta uso wa hatia. Anza kwa kuwafanya watu wajifunge kwa maneno. Muulize mtu, "Ungelazimika kumtoa mmoja sasa hivi, ungemtoa nani, na kwa nini?" Jibu la kwanza huwa halina thamani kubwa. Thamani yake inakuja kesho, anapobadili msimamo na huwezi kuona kilichombadilisha. Raia anabadili mawazo kwa sababu amesikia jambo jipya, na kwa kawaida anaweza kukuambia ni lipi. Mafia anabadili kwa sababu upepo umegeuka.

Sikiliza pia uhakika usio na chanzo. Mtu akisema "huyu hana hatia" kwa namna ya mtu anayejua, muulize amejuaje. Mafia huwajua raia wote, na ujuzi huo humponyoka bila kukusudia. Raia wa kweli husema "sidhani ni yeye" kisha anayumba.

Anayecheka ovyo au anayenyamaza, si ndiye?

Mara chache. Mgeni hucheka kwa sababu mchezo ni mgeni, na mpole hunyamaza kwa sababu ndivyo alivyo hata msibani na harusini. Alama ya mwili ina maana ukiilinganisha na mtu mwenyewe, siyo na watu wengine. Kama rafiki yako ni mpiga domo na leo anajibu kwa neno moja, hapo kuna la kuuliza. Kwa mtu ambaye hujawahi kucheza naye, acha uso, fuata kura.

Ila ukimya una gharama yake. Anayenyamaza akiwa raia anawanyima wenzake habari, na mara nyingi anatolewa siku ya kwanza. Sema kitu, hata cha kijinga.

Kura inaniambiaje nani ni mafia? Nipe mfano.

Tuwape wachezaji namba, moja hadi tisa.

Usiku wa kwanza anauawa Namba 9, raia. Siku ya kwanza Namba 3 anamshuku Namba 5 kwa kunyamaza, anampigia kura. Namba 8 anamuunga mkono. Upande wa pili, Namba 4 na Namba 7 wanasema Namba 6 anarudia tu maneno ya wengine, wanampigia yeye. Namba 5 anajitetea kwa kumpigia 6, na 6 anampigia 5. Ni tatu kwa tatu. Namba 1 anasitasita kisha anampigia 5. Nne kwa tatu. Amebaki Namba 2. Akimpigia 6 inakuwa sare na hatoki mtu. Akimpigia 5 zinatimia tano. Anampigia 5. Karata inafunuliwa: raia.

Mgeni atasema, "Wote watano waliompigia 5 ni washukiwa." Ndiyo, ila si kwa kiwango kimoja. Namba 3 na 8 walipiga kura mapema, wakati hakuna mafia aliyekuwa hatarini na matokeo hayajulikani. Kura ya mapema inamgharimu mpigaji, maana atakuja kuulizwa ni yeye aliyeanzisha. Mafia hupenda kukaa katikati au mwishoni, pale kura inapoamua jambo huku lawama zimeshagawanywa kwa wengi. Kwa hiyo waandike 1 na 2 kwanza. Iwapo 6 atakuja kuonekana ni mafia, kura zao mbili ndizo zilizomwokoa. Iwapo 6 ni raia, kura hizohizo hazisemi kitu, kwa sababu mafia hawakuwa na haja ya kumwokoa mtu.

Kura haisomeki peke yake. Inasomeka baada ya karata kufunuliwa, ukirudi nyuma. Ndiyo maana nashauri mmoja wenu aandike mpangilio wa kura kwenye karatasi. Kumbukumbu ya mezani huwa ya yule mwenye sauti kubwa.

Siku ya pili wawili wanadai ni polisi. Nimwamini nani?

Tuendelee na meza ileile. Usiku wa pili anauawa Namba 7, na karata yake ni ya daktari. Mnaamka sita: 1, 2, 3, 4, 6 na 8. Mafia wote wawili wapo. Mkikosea leo mnabaki watano, usiku wanne, wawili kwa wawili. Leo hakuna kosa la bure.

Namba 4 anafungua: "Mimi ni polisi. Usiku wa kwanza nilimpima 1, ni safi. Jana usiku nilimpima 6, ni mafia." Namba 6 anaruka: "Muongo! Polisi ni mimi. Nilimpima 8, safi, na jana nikampima yeye 4, ni mafia."

Usiulize nani ameongea kwa ujasiri. Jenga dunia mbili, kisha uone ipi inasimama bila kuegemezwa.

Katika dunia ya kwanza, 4 ni polisi. Basi 6 ni mafia, 1 ni safi, na mafia wa pili ni kati ya 2, 3 na 8. Katika dunia ya pili, 6 ni polisi. Basi 4 ni mafia, 8 ni safi, na mwenzake ni kati ya 1, 2 na 3.

Anza na gharama. Karata ya polisi ilikuwa haijafunuliwa, kwa hiyo kila mtu alijua polisi wa kweli bado yuko hai. Kama 4 ni mafia, basi alisimama asubuhi bila mtu kumgusa, akajiweka mahali ambapo polisi wa kweli lazima amkanushe. Inawezekana, na wapo mafia wanaofanya hivyo, lakini ni kamari kubwa. Kama 6 ni mafia, kudai upolisi hakumgharimu chochote: alishatajwa, na akinyamaza angetolewa. Anayekanusha baada ya kushtakiwa anatumia njia pekee iliyobaki, kwa hiyo kukanusha kwake hakuna uzito wa kumtetea.

Kisha rudi jana. Namba 6 alikuwa na kura tatu shingoni, na matokeo mkononi kwamba 8 ni safi. Polisi aliye kwenye hali hiyo angalau angedokeza kwamba kumtoa yeye kutawaumiza. Hakudokeza. Mwisho, usiku aliyeuawa ni 7, mmoja wa waliokuwa wakimsukuma 6. Kama 4 ni mafia, ameua mtu aliyekuwa upande wake. Hoja hii ni nyepesi kuliko zile mbili, kwa sababu mafia mjanja anaweza kuua makusudi ili aliyebaki aonekane mbaya. Iweke kwenye mizani, usiitegemee.

Hoja zote tatu zinaelekea upande mmoja, basi 6 atoke. Kura zinakuja kwa mpangilio huu: 4, 1, 3, 8. Zimetimia nne. Halafu Namba 2 naye anainua mkono. Kura inayokuja baada ya jambo kuamuliwa haimgharimu mpigaji, kwa hiyo isikusafishie mtu. Mafia hodari humtosa mwenzake pale jahazi linapozama, apate kuonekana mzalendo.

Karata ya 6: shupaza.

Amebaki mafia mmoja. Tunammaliziaje?

Usiku wa tatu 4 anauawa, kama ilivyotarajiwa. Alichokipima usiku huo kinakufa naye. Mmebaki wanne: 1, 2, 3 na 8. Mkikosea leo mnakuwa watatu, usiku wawili, na mafia ameshinda.

Hapa ndipo ile kanuni ya kuacha kura inapoingia, na hapa ndipo inapokosea. Kwa kawaida, wanne wasiojuana wakiacha kura wanakuwa watatu, na nafasi ya kubahatisha inapanda kutoka moja kwa nne hadi moja kwa tatu. Lakini hapa 1 ameshathibitishwa na polisi wa kweli. Washukiwa tayari ni watatu. Mkiacha kura, mafia atamuua 1, mtabaki washukiwa watatu walewale bila mtu wa kuaminiwa na wote. Mmepoteza mwamuzi na hamkupata kitu. Pigeni kura leo.

Nani sasa? Kumbuka nilisema tuwaandike 1 na 2. Namba 1 amethibitika kuwa safi, ingawa kura yake ilimsaidia mafia. Hilo likukumbushe kwamba kura mbaya si ushahidi kamili. Raia nao hukosea.

Tazama uongo wa 6. Alipojifanya polisi alisema 8 ni safi. Je, alikuwa anamkinga mwenzake au ananunua rafiki? Alihitaji kura nne za kumtoa 4. Yake na ya mwenzake ni mbili, zinapungua mbili. Kumsafisha mwenzake kusingemwongezea kura hata moja, ila kumsafisha raia kungeweza kumletea ya tatu. Hivyo 8 anaelekea kuwa raia. Si hakika, kwa kuwa mtu aliyebanwa hutaja namba yoyote inayomjia mdomoni. Amebaki 3, aliyeanzisha shutuma dhidi ya 5 kabla 6 hajawa hatarini, na 2, ambaye kura yake ya mwisho ndiyo iliyoamua, na aliyeinua mkono siku ya pili mambo yalipokwisha. Mimi ningemtoa 2, nikijua kwamba meza nyingine 2 huyohuyo angekuwa raia mzito wa kuamua.

Nimepata karata ya mafia. Nizuge vipi?

Danganya kidogo kadiri uwezavyo. Una uongo mmoja tu wa lazima, yaani karata yako. Mengine yote unaweza kuyasema kwa ukweli. Washuku watu kwa sababu ambazo ungekuwa nazo kama ungekuwa raia, na piga kura ambazo kesho utaweza kuzieleza. Kosa la mafia mgeni ni kumtetea mwenzake kila mara. Mwache ajitetee mwenyewe, na siku moja mtofautiane hadharani juu ya jambo dogo.

Kama unafikiria kujifanya polisi, andaa majibu ya kila usiku tangu wa kwanza, na yalingane na mwenendo wako. Ukidai usiku wa kwanza ulimwona mtu ni safi, halafu siku ya kwanza ulimpigia kura, umejimaliza. Hapo ndipo polisi wa uongo wengi hunaswa.

Raia naye anaruhusiwa kudanganya?

Sheria hazikatazi. Wapo raia wanaojidai polisi ili mafia wawaue wao na polisi halisi apone. Kwa mgeni nasema acha. Raia anapodanganya, polisi wa kweli analazimika kujitokeza kumkanusha, na mmefanya kazi ya mafia. Uongo wa raia una maana kama yuko tayari kuufuta kabla ya kura, na wageni wengi husahau kuufuta.

Nikiwa polisi nijitokeze lini?

Mara tatu: umempata mafia, au unakaribia kutolewa, au leo ni siku ambayo kosa moja linamaliza mchezo. Ukiwa na matokeo safi tu na siku bado zipo, kaa kimya. Ukijitokeza taja yote kwa mpangilio wa usiku, maana majina ya walio safi ndiyo urithi wako. Ukifa ukiwa umeyaficha, hayana faida kwa mtu.

Mtu akiapa "wallahi" au "haki ya Mungu" mimi siye?

Pigeni marufuku viapo kabla ya kugawa karata. Sababu ya imani ipo, na nyingine ni ya mchezo wenyewe. Pakiwa na watu wasiokubali kuapa uongo, mtu mmoja tu akisema "hebu kila mmoja aape", mafia mcha Mungu amekwama na mchezo umekufa. Hivyohivyo kuonyeshana karata kwa siri, au kumbana mke au ndugu kwa "niambie mimi tu". Kinachosemwa mezani ni cha mezani.

Nacheza Among Us kwenye simu. Fikra ni hizihizi?

Kwa sehemu. Kule mnatembea, kwa hiyo kuna ushahidi wa macho: nani alikuwa chumba gani, nani aliripoti maiti. Maswali ya "ulikuwa wapi" yana majibu yanayoweza kuhakikiwa. Kwenye Mafia ya mezani hakuna mahali wala maiti, kuna maneno na kura peke yake. Aliyezoea simu hukaa mezani akisubiri ushahidi ambao hauji.

Nimeuawa usiku wa kwanza. Nifanye nini?

Nyamaza, hata usikunje uso. Sasa unaweza kufungua macho usiku na kuwaona mafia, kwa hiyo mguno wako mmoja unaweza kuharibu mchezo wa wote. Chukua karatasi uandike mpangilio wa kura. Utaona mtu anavyosubiri hadi kura yake iwe na faida, jambo ambalo ukiwa ndani ya mabishano huwezi kuliona. Na mwombe mwendeshaji raundi ijayo usiuawe wewe tena, ingawa hana uwezo huo.